Mali Inapungua Dukani: Namna ya Kujua Kama ni Wizi, Hesabu Mbovu au Mzigo Uliokuja Pungufu

Duka dogo likianza kupungukiwa mali, macho ya mwenye duka huenda moja kwa moja kwa kijana anayeuza. Wakati mwingine yanaenda pahali sahihi. Lakini mara nyingi ndani ya upungufu mmoja mna mambo matatu yaliyochanganyika: kilichoibwa, kilichohesabiwa vibaya, na kile ambacho hakikuwahi kuingia dukani ingawa umekilipia. Ukiyachukulia yote kuwa wizi utamfukuza kijana, utaajiri mwingine, na mali itaendelea kupungua vilevile.

Hesabu ya mwisho wa mwezi haiwezi kuyatenganisha haya. Ndani ya mwezi mzigo umeingia mara kadhaa, wauzaji wamepokezana kila siku, watu wamekopa na watoto wa nyumbani wamechukua biskuti. Hesabu hiyo inakuambia kwamba kuna kitu kimepungua, basi. Haikuambii kimepungua saa ngapi wala mbele ya nani.

Dawa yake ni kuugawa muda katika vipande vifupi, na kila kipande ukipange ili mali iwe na mlango mmoja tu wa kupotelea. Mzigo unaposhushwa huku mauzo yamesimama, kilichokosekana kimekosekana kwa aliyeleta. Kati ya makabidhiano ya zamu moja na nyingine hakuna mzigo unaoingia bila kuhesabiwa peke yake, kwa hiyo kilichokosekana kimetoka kaunta. Na usiku duka likiwa limefungwa hakuna chochote kinachopaswa kubadilika. Kikibadilika, ama mtu ana ufunguo mwingine, ama mmoja kati yenu amehesabu vibaya. Kazi yote iliyobaki ni kuipanga mipaka hiyo na kuiheshimu kwa wiki mbili.

Nitatumia duka moja la mfano, la aina unayoikuta mtaa wowote wa Mbagala au Buguruni: linatumia daftari, halina kompyuta, mama mwenye duka anauza kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana, kisha kijana wake anashika mpaka saa nne usiku. Mzigo unatoka kwa wauza jumla wawili, mwingine unaletwa na gari la msambazaji.

Hatua ya kwanza: andika vinavyotoka bila kuuzwa

Kabla ya kutafuta mwizi, ziba matundu ambayo unayajua mwenyewe. Kuna sukari inayopelekwa nyumbani, soda aliyopewa mgeni, sabuni aliyokopa jirani na ikaandikwa kichwani, mayai yaliyovunjika, na mkate ulioota ukungu ukatupwa. Vyote hivi vimetoka rafuni na hakuna fedha iliyoingia, kwa hiyo katika hesabu vinafanana kabisa na wizi.

Tundika daftari dogo karibu na kaunta, lenye kalamu iliyofungwa kamba, kwa ajili ya vitu hivi peke yake. Kila anayechukua anaandika siku, kitu, idadi, na kimekwenda wapi: nyumbani, mkopo, kimeharibika. Mwenye duka naye anaandika, tena yeye ndiye wa kwanza. Kwa maduka niliyoyaona, mvunjaji mkubwa wa sheria hii ni mwenye mali, kwa sababu anaona ni vyake. Ni vyake kweli, lakini kijana ndiye atakayeulizwa vimekwenda wapi.

Madeni yaache katika daftari lake kama ulivyozoea, ila kila jioni hakikisha kwamba bidhaa iliyokopwa imehesabiwa kuwa imetoka. Ukisubiri mpaka deni lilipwe ndipo uandike mauzo, stoku yako itaonekana pungufu wiki nzima.

Hatua ya pili: chagua bidhaa nne au tano tu

Usijaribu kufuatilia duka zima. Duka dogo lina bidhaa mia na zaidi, utachoka siku ya tatu. Chagua chache zinazowakilisha njia tofauti za kupotea: moja ya kupima kwa kilo, moja ya kupima kwa lita, moja inayokuja kwa kreti au katoni, na moja ndogo inayoingia mfukoni. Katika duka letu tumechukua sukari, mafuta ya kula, soda za chupa, na dawa ya meno ya tyubu ndogo.

Kwa bidhaa hizi nne, weka kipande cha boksi nyuma ya kaunta na kila zinapouzwa muuzaji apige mstari: mistari minne, wa tano unaikata. Mstari mmoja ni kipimo kimoja kidogo kinachouzwa, yaani robo ya sukari, robo lita ya mafuta, chupa moja, tyubu moja. Mtu akinunua kilo ya sukari, ni mistari minne. Kila zamu na boksi lake, lenye tarehe na jina la zamu.

Hesabu yenyewe ni hii:

Kilichokuwepo + kilichopokelewa − kilichouzwa − kilichotoka bila kuuzwa = kinachopaswa kuwepo

Kisha unalinganisha na kilichopo rafuni. Mtu akiuza na kutia fedha mfukoni bila kupiga mstari, hapa ataonekana. Akipiga mstari kisha akachukua fedha kwenye droo, hapa haonekani, maana mali imetoka kihalali. Huyo anaonekana kwenye kuhesabu fedha za zamu, na hiyo ni kazi nyingine.

Hatua ya tatu: jifunzeni kuhesabu kwa namna moja

Hapa ndipo penye makosa mengi kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kosa la kwanza ni kipimo. Mmoja anaandika "katoni 2 na 5", mwingine anaandika "53", na hakuna anayekumbuka kama katoni ni ya 24 au ya 20. Viwanda hubadilisha idadi ndani ya katoni bila kupiga mbiu, kwa hiyo soma maandishi ya katoni kila mzigo mpya unapokuja. Andikeni kila kitu kwa kipimo kidogo kabisa kinachouzwa. Soda ni chupa, si kreti. Sukari ni kilo kwa mzani, si "mfuko na kidogo".

Kosa la pili ni kuhesabu huku unauza. Mteja mmoja anatosha kuharibu. Hesabu duka likiwa limefungwa, au dirisha limeshushwa kwa dakika kumi wakati wa kupokezana zamu. Kama kuna mzigo umefika na haujaandikwa, uwekwe kando sakafuni mpaka hesabu iishe, la sivyo utauhesabu rafuni huku daftarini haupo, au kinyume chake.

La tatu ni kumpa anayehesabu jibu kabla. Ukimwambia "zinatakiwa 105, hebu hesabu", atahesabu mpaka apate 105. Watu wawili wahesabu kila mmoja peke yake, waandike kwenye karatasi zao, kisha ndipo walinganishe. Wakitofautiana, wanarudia bidhaa hiyo tu. Na wahesabu kwa mahali, si kwa bidhaa: rafu ya juu, rafu ya kati, chini ya kaunta, stoo, ili kile kilichojificha nyuma ya mfuko wa unga kisisahaulike.

Hesabu ya kwanza ya namna hii ndiyo mwanzo wako. Upungufu wa miezi iliyopita uache. Hutaweza kuujua, na ukiuchanganya na mpya utapotea.

Hatua ya nne: weka mipaka ya muda

Bidhaa nne zinahesabiwa duka linapofungwa usiku, linapofunguliwa asubuhi, na saa nane zamu zinapopokezana, wote wawili wakiwepo na wote wakitia sahihi. Kwa bidhaa nne kila makabidhiano yanachukua dakika chache. Tena kuna hesabu ya nne isiyo na saa: kila mzigo unapofika, unahesabiwa na kupimwa kabla haujachanganyika na uliopo na kabla aliyeleta hajaondoka.

Jambo la kukubaliana mapema ni kiasi gani cha kupuuza. Kwa vitu vya kuhesabu kwa kidole, kama tyubu na chupa, mimi sipuuzi hata kimoja. Kwa vya kupima naachilia kama asilimia 1 ya kilichouzwa, kwa sababu sukari humwagika na mafuta hubaki kwenye kuta za dumu. Ukiweka kiwango hiki baada ya kuona matokeo, utakivuta upande unaoupenda.

Wiki ya kwanza katika duka letu

Tuanze na soda, kwa kuwa ndiyo iliyoleta kelele kubwa na ikawa nyepesi kuliko zote. Mwanzo wa wiki ziliandikwa chupa 127 zilizojaa. Zikaingia kreti 4, yaani 96. Mistari ya mauzo ilikuwa 118. Zilipaswa kubaki 105, zikakutwa 81. Pungufu ya 24.

Namba 24 yenyewe inasema kitu. Mwizi haibi kreti kamili chupa moja moja kisha akaacha pale pale. Upungufu unaolingana sawasawa na kreti, katoni au dazeni unakuambia utafute kosa la kufungasha au kuhesabu kwanza: kreti iliyoandikwa bila kuletwa, iliyohesabiwa mara mbili, au tupu iliyohesabiwa kuwa imejaa. Soda za chupa zina msaada mwingine, kwamba chupa hazipotei zikinywewa. Duka letu lina kreti 10, yaani chupa 240, na gari likileta zilizojaa linachukua tupu idadi ileile. Mwisho wa wiki zilizojaa 81 na tupu 159 zinatimia 240. Hakuna chupa iliyotoka dukani. Zilizojaa zimepungua 24, tupu zimezidi 24.

Hapo ilibaki ama kwamba watu wamekunywa soda 24 pale pale bila kupigwa mstari, ama kwamba kreti moja ya tupu, iliyokuwa chini kabisa ya safu ukutani, ilihesabiwa siku ya kwanza kuwa imejaa. Hili la pili ndilo lililoonekana wiki iliyofuata: soda hazikupungua hata moja. Kosa la kuhesabu halijirudii kwa kasi ileile. Linatokea mara moja, mara nyingi lina ndugu yake aliyezidi mahali pengine, na hesabu inayofuata hulifuta. Ukiona tyubu ndogo zimepungua sita na kubwa zimezidi sita, usimwite mtu, zimechanganywa.

Sukari ilikuwa na sura nyingine. Kilo 12 za mwanzo, mifuko 2 ya kilo 50, mauzo ya robo 372 ambazo ni kilo 93, na kilo 2 zilizokwenda nyumbani. Zilipaswa kubaki kilo 17, mzani ukasema 13.4. Zimekosekana kilo 3.6. Upungufu huu haukuwa na zamu: asubuhi ulikuwepo, jioni ulikuwepo, na ulikua kadiri mauzo yalivyokua. Mifuko ilipimwa ilipofika na ilikuwa sawa.

Upungufu unaotembea na mauzo, bila kujali nani anauza, unatoka kwenye kipimo. Chukua robo kumi zilizokwisha kufungwa, ziweke pamoja mzanini. Zinapaswa kuwa kilo 2.5 pamoja na uzito kidogo wa vifungashio, ambao unautoa kwa kupima vifungashio kumi vitupu. Za kwetu zilikuwa kilo 2.58, yaani kila robo imezidi gramu 8. Zidisha kwa robo 372: gramu 2,976, karibu kilo 3. Kilichobaki ni gramu 600 na kitu, chini ya ile asilimia 1 ya kilo 93, kwa hiyo tumekiacha. Hakuna aliyeiba. Mfungaji alikuwa na mkono mzuri, na kwa mkono huo mfuko wa kilo 50, unaopaswa kutoa robo 200, unatoa 193 au 194. Ukizidi kwa gramu 10 zinakuwa 192.

Mzani nao usiuamini bure. Uwe na stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu, usimame mahali tambarare, na usomeke sifuri kabla ya kuweka kitu. Mzani wa duka hauchukui mfuko wa kilo 50. Kwa huo nenda na mfuko kwenye mashine ya kusaga ya jirani, huko mzani mkubwa haukosekani. Fanya hivyo kwa mfuko mmoja katika kila mzigo na utoe uzito wa gunia tupu.

Mafuta: pale muuza jumla anapoingia

Mafuta yalianza na lita 9. Yakaingia madumu 3 ya lita 20 kutoka kwa muuza jumla mmoja, dumu moja Jumanne na mawili Ijumaa. Yakauzwa robo 208, yaani lita 52. Zilipaswa kubaki lita 17, zikakutwa 14.5. Pengo la lita 2.5.

Kwa haraka linafanana na la sukari, kwa hiyo kipimo kilikaguliwa kwanza. Robo nne zilizojazwa kama kawaida zilipimwa mzanini. Lita moja ya mafuta ya alizeti ina uzito wa karibu gramu 920, na ndivyo ilivyokuwa. Kipimo ni sawa. Zamu nazo hazikuonyesha kitu. Kila dumu lilipoisha, mistari yake ilikuwa 76 au 77 badala ya 80, liwe limeuzwa na mama au na kijana. Wakati hakuna dumu jipya, hapakuwa na upungufu wowote wa maana.

Huu ndio mwendo wa mzigo uliokuja pungufu. Hauhesabiki kwa siku wala kwa zamu, unahesabika kwa kiasi cha mzigo ulioingia. Madumu matatu, pengo mara tatu. Wiki isiyo na mzigo, hakuna pengo. Na unakaa kwenye bidhaa za msambazaji mmoja, huku zinazofanana nazo kutoka kwingine zikiwa salama.

Ushahidi wake ni mzani, na ulikuwa tayari kwa sababu madumu yalipimwa yalipofika. Dumu lililojaa lilikuwa kilo 18.6. Dumu tupu, baada ya kugeuzwa likachuruzika mpaka mwisho, kilo 1. Mafuta yenyewe ni kilo 17.6. Gawa kwa 0.92 unapata lita 19.1. Madumu matatu yanakosa lita 2.6, na pengo letu lilikuwa 2.5. Kama unauza mafuta ya mawese yaliyosafishwa, tumia 0.91, maana ni mepesi kidogo. Hata kwa namba hiyo dumu hili halifiki lita 20.

Usikimbilie kumwita muuza jumla mwizi. Huenda naye amenunua madumu hayo yakiwa hivyo. Huenda pia yamepunguzwa njiani, na hili unaligundua kwa kuongeza mpaka mmoja wa muda: mara moja tu, nenda mwenyewe ukapime au kuhesabu mzigo unapopakiwa kwenye kirikuu, kisha upime tena unaposhushwa mlangoni kwako. Ukiwa sawa kule na pungufu huku, zungumza na dereva na utingo. Ukiwa pungufu kule kule, zungumza na mwenye ghala.

Kwa katoni zilizofungwa huna haja ya kufungua zote. Ziweke mzanini moja moja. Katoni za bidhaa moja zinapaswa kulingana. Iliyo nyepesi kuliko wenzake ifunguliwe mbele ya aliyeleta. Angalia pia gundi ya chini, kwa kuwa katoni iliyochokonolewa hufunguliwa upande usiotazamwa.

Kinachowashinda wengi ni karatasi. Utingo ana haraka, gari limeziba njia, anakwambia "mama, tia sahihi hapo, kikikosekana utapiga simu". Ukishatia sahihi bila maelezo umekiri kwamba umepokea kamili, na simu ya kesho haina uzito. Andika juu ya ankara yake, katika nakala yake na yako: "Nimepokea madumu 2, uzito kilo 18.6 kila moja, pungufu", na yeye atie sahihi chini ya maneno hayo. Piga picha dumu likiwa juu ya mzani. Akikataa kusubiri, andika hivyo hivyo kwamba amekataa, na mzigo usichanganywe na mwingine mpaka ujibiwe. Muuza jumla anayetaka biashara yako atafidia dumu lijalo au atashusha bei. Asiyetaka, umeshajua bei yake ya kweli: unalipa lita 20 na unapata 19, kwa hiyo yule wa mtaa wa pili anayeuza ghali kidogo huenda ndiye rahisi.

Dawa ya meno: pale panapofaa neno wizi

Tyubu hazina mkono mzuri wala hazivuji. Katoni ilifunguliwa, ikahesabiwa, ilikuwa kamili. Hesabu za usiku na asubuhi zililingana kila siku. Lakini makabidhiano yalionyesha hivi: zamu ya asubuhi, wiki nzima, ilipungukiwa tyubu 1; zamu ya jioni ilipungukiwa 11, leo mbili, kesho tatu, keshokutwa moja. Haikuzidi hata siku moja.

Wizi unatambulika kwa mambo haya yakikaa pamoja: upungufu wa upande mmoja tu, vitu vidogo vyenye mnunuzi wa haraka, na kurudi tena na tena mahali pamoja au saa zile zile. Lakini kumbuka kwamba zamu ya jioni ni mambo mengi kwa pamoja. Ni kijana, ni giza, ni msongamano wa watu wanaotoka kazini, na ni boksi la tyubu lililokaa ukingoni mwa dirisha. Kusema "jioni" bado si kusema "kijana".

Ili kuyatenganisha, badilisha kitu kimoja tu na uache mengine yote kama yalivyo. Duka letu lilianza na mahali: boksi likahamishwa kutoka dirishani hadi rafu iliyo nyuma ya muuzaji, bila kumwambia mtu kwa nini. Wiki ya pili zamu ya jioni ilipungukiwa tyubu 1. Kijana ni yule yule, giza ni lile lile. Zilizokuwa zikipotea zilichukuliwa na mikono ya nje wakati yeye amegeuka kupima sukari.

Ingekuwa upungufu umeendelea na boksi liko nyuma, hatua inayofuata ni kubadilishana zamu kwa wiki moja. Upungufu ukibaki jioni ingawa sasa mama ndiye anayeuza, tatizo ni la saa hiyo. Ukihamia asubuhi pamoja na kijana, unamfuata yeye. Hata hapo kaa naye kwanza na madaftari yote mezani, kwa sababu anaweza kuwa anakopesha rafiki zake bila kuandika, na hilo ni kosa lakini si sawa na kuuza na kutia mfukoni. Mwulize kwa siku na kwa namba, "Jumatano saa nane tuliandika 31, ukauza 6, saa nne zikawa 22, zile tatu?", usimwulize "kwa nini unaniibia?" Swali la kwanza lina jibu.

Na usikate mshahara kwa hasira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya 2004, haimwachii mwajiri kukata anavyotaka ili kufidia hasara. Inataka maelezo ya maandishi na mfanyakazi apewe nafasi ya kujitetea. Karatasi za makabidhiano zenye sahihi zenu wawili ndizo zitakazokusaidia hapo, na zitamsaidia yeye pia kama hana kosa.

Pale njia hii inapokwama

Inakwama muuzaji akiwa mmoja saa zote, kwa kuwa hakuna zamu ya kulinganisha. Hapo mwenye duka auze mwenyewe siku mbili zisizofuatana katika wiki, ukiwemo mwisho wa mwezi ambao wateja huwa wengi, na alinganishe siku zake na za kijana. Inakwama pia mistari ikipigwa kwa kukisia jioni badala ya kila mauzo. Utaitambua kwa kuwa mistari yote ina wino na mkono mmoja, na sukari inaonekana pungufu leo na ziada kesho. Mkiona hivyo msihukumu kitu chochote cha wiki ile. Rudini kwenye hesabu ya mwanzo.

Upungufu ukiwa mkubwa ghafla kwa siku moja, wiki mbili ni nyingi mno. Badilisha kufuli usiku ule ule, kisha uhesabu duka zima kesho yake kabla ya kufungua.

Bidhaa ambayo pengo lake limezibwa baada ya wiki mbili, itoe kwenye orodha na uingize nyingine: baada ya soda tulichukua sabuni za unga za pakiti ndogo, baada ya dawa ya meno tukachukua betri. Sukari imebaki wiki moja zaidi, robo kumi zikipimwa kila zinapofungwa, mpaka mkono wa mfungaji uzoee gramu 250. Mafuta hayatoki. Kila dumu linapimwa mlangoni, uzito unaandikwa kwa kalamu ya rangi ubavuni mwake, na utingo anasubiri.